Mtu Asiye na Jina Katikati ya Majina

Basi bovu limesimama alfajiri na kondakta anahesabu mapato. Mishahara bado haijatoka, kwa hiyo abiria wengi wamelipa kwa visarafu. Mmoja tu ndiye aliyetoa noti ya sedi, naye kondakta akampunja chenji kwa ustadi wa mtu aliyeizoea kazi hiyo. Sasa basi ni kama tupu. Anaichukua ile noti kuukuu, anainusa, na harufu yake mbaya inamnogea. Anaponyanyua kichwa, anaona macho mawili yakimtazama kutoka kiti cha nyuma. Jasho linamtoka. Anajua ameonwa, akiiba na akinusa. Anaanza kupanga jinsi ya kumnyamazisha yule shahidi, pengine kwa sigara. Anasogea, anamtolea maneno laini, kisha anagundua kwamba mwenzake amelala macho wazi, udenda ukimtiririka hadi kwenye kiti. Hofu inageuka ghadhabu. Kondakta anamtukana, anamlazimisha afute uchafu wake, kisha anamfukuza.

Ndivyo tunavyokutana na mhusika mkuu wa Wema Hawajazaliwa, riwaya ya Ayi Kwei Armah, Mghana aliyezaliwa Takoradi mwaka 1939. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1968, na Abdilatif Abdalla akaifasiri kwa Kiswahili mwaka 1976, enzi alipokuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Tunakaa naye tangu alfajiri hiyo hadi ukurasa wa mwisho, tunaingia ofisini kwake, chumbani kwake, hata chooni mwake, na hatuambiwi anaitwa nani. Wahakiki wengi wakifika hapo husema kwamba hana jina kwa sababu anawakilisha kila mtu, kisha wanaendelea na mengine. Jibu hilo naliona la haraka mno. Kama angekuwa kila mtu, jina lolote la kawaida lingetosha, na Armah asingehangaika namna anavyohangaika kurasa nzima. Ukifuatilia kazi yenyewe ilivyofanywa, utaona kwamba mahali pa jina hapabaki patupu hata kwa dakika moja. Kila anayekutana na mtu huyu anapajaza kwa neno lake, na msomaji ndiye anayeachiwa kuamua kama neno hilo linamkaa.

Rudi kwenye basi uone. Kwanza si mtu, ni macho. Kisha ni mtazamaji, kwa kuwa kondakta mwenye hatia anadhani anatazamwa. Akishagunduliwa amelala, anakuwa msinziaji. Anaposhuka na kutembea barabarani gari linakaribia kumgonga, na dereva anachungulia dirishani na kumshushia daraja hadi kwa wanyama. Ni baada ya hayo ndipo msimulizi anapotulia na kumwita mtu, na neno hilo linabaki naye hadi mwisho. Kwa kurasa chache tu amepewa majina kadhaa, na kila moja linatuambia zaidi habari za aliyelitoa. Mtazamaji ni jina la hofu ya kondakta. Mnyama ni jina la haraka ya dereva. Sisi bado hatujui lolote kuhusu mwenyewe, ila tumeshajifunza kutowaamini wanaomtaja. Somo hilo lingekufa kama mstari wa kwanza ungetuambia kwamba Fulani bin Fulani alikuwa amesinzia ndani ya basi.

Jambo hili ni gumu kulitekeleza kuliko linavyoonekana, na ugumu wenyewe uko kwenye nafsi. Mwandishi anayesimulia kwa nafsi ya kwanza anaweza kuficha jina bila jasho, maana anayesema "mimi" hahitaji kujitaja. Hatari yake iko kwenye mazungumzo tu, pale mtu mwingine anapotaka kumwita. Daphne du Maurier, katika Rebecca ya mwaka 1938, aliicheka hatari hiyo waziwazi: mume wa msimulizi anamsifu mwanamke huyo kwa jina lake zuri na la nadra, na sisi hatuambiwi. Ralph Ellison, katika riwaya yake ya mwaka 1952 kuhusu mtu asiyeonekana, anampa msimulizi wake karatasi yenye jina jipya aliloandikiwa na chama, na msimulizi analisoma, ila msomaji hasomewi. Hizo ni mbinu za kumchokoza msomaji: jina lipo, wewe tu ndiye uliyenyimwa. Armah alichagua nafsi ya tatu. Kwa nafsi ya tatu kila aya inadai mhusika aitwe kitu, hasa wanaume wawili wanapokuwa chumba kimoja, na "yeye" halitoshi kuwatenga. Ndiyo maana anahitaji lile neno moja, mtu, na analirudiarudia mamia ya mara bila aibu wala pambo. Hata herufi kubwa halipewi. Rafiki yake wa karibu, ambaye naye hatajwi kwa jina la kuzaliwa, anaitwa Mwalimu kwa herufi kubwa, na kazi yake inageuka jina. Huyu wetu hata hilo hakupata, ingawa kazi anayo: ni karani wa reli anayefuatilia mwendo wa treni na kuuchora kwenye karatasi ofisini.

Kwenye mazungumzo Armah amejikinga kwa njia ambayo msomaji wa kwetu anaweza kuipita bila kuiona. Waulize wanaopenda kitabu hiki waligundua lini kwamba mhusika hana jina. Wengi watakwambia walikuwa wamekwisha fika mbali. Mke anazungumza na mumewe bila kumtaja, na kwetu hilo halishangazi, maana katika nyumba nyingi za uswahilini mume huitwa baba Asha na mke mama Juma hadi wajukuu wanasahau majina ya wazee wao. Tofauti ni kwamba Armah hampi hata hilo. Watoto wapo, ila hakuna anayemwita kwa jina la mtoto wake. Mlango huo mdogo, ambao jamii nyingi za Kiafrika huuacha wazi kwa heshima, nao umefungwa, na ukishautambua unaanza kumwona mtu huyu kuwa mpweke zaidi nyumbani kwake kuliko kule kwenye basi.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kutaabika na riwaya hii. Shaaban Robert alitulea kusoma tabia kwenye jina. Katika Kusadikika anayeshtakiwa ni Karama na anayemshtaki ni Majivuno; kesi haijaanza na umeshajua utasimama upande gani. Katika Adili na Nduguze ndugu wabaya ni Hasidi na Mwivu, na mwema ni Adili. Ni mtindo wenye raha yake, tena ni wa zamani kuliko riwaya yenyewe, ila unamfanyia msomaji kazi ya kuhukumu. Armah angeweza kumwita mtu wake kwa jina lenye maana ya uaminifu, na lugha za Kiakani zina majina mengi yanayobeba maana. Kama angefanya hivyo, asubuhi ya kwanza tungeshajua kwamba kukataa rushwa ni wema, na kitabu kingekwisha hapo. Anachotaka ni tukae muda mrefu na shaka ambayo mtu huyu mwenyewe anakaa nayo. Je, uaminifu wake ni ushujaa, au ni woga tu wa mtu asiyejua kuishi?

Yapo pia ambayo jina la kawaida kabisa, lisilo na fumbo, lingeyafichua. Ukisikia Kofi unajua mtu alizaliwa Ijumaa, na unakisia kwao. Hata sisi tukisikia Onyango au Mwakyusa au Kombo tunaanza kupanga watu kabla hawajafungua mdomo. Ghana ya mwaka 1965 ilikuwa na migawanyiko yake ya kikabila na kichama, na msomaji wa huko angeupima ukataaji wa rushwa kwa mizani hiyo: kumbe huyu ni wa upande fulani, ndiyo maana hali na wakubwa. Jina likiondolewa, njia hiyo ya kujipa majibu mepesi inakatika. Inabaki hongo iliyowekwa mezani na mkono ambao haukuichukua.

Lakini kumnyima mtu mmoja jina hakutoshi. Lazima wengine wapewe, la sivyo msomaji atadhani ndio mtindo wa kitabu na hatahisi chochote. Hapa ndipo Armah anaponifurahisha zaidi, kwa sababu kitabu chake kimejaa majina hadi kinakera. Mke ni Oyo. Waziri aliyesoma naye shule ni Joseph Koomson, na cheo cha utukufu kinatangulia jina lake; mke wa waziri ni Estella. Hoteli inayong'aa juu ya kilima ina jina. Na kuna mahali mtu wetu anapita kwenye makazi ya wakubwa, yale yaliyokuwa ya Wazungu, na anasoma vibao vya majina mlangoni: Mills-Hayford, Plange-Bannerman, Attoh-White, Kuntu-Blankson. Ni Waafrika waliojishonea majina ya Kiingereza kama viraka vya suti. Msimulizi anawacheka kwa uchungu, anajaribu kukisia lile jina la Kighana lililokuwepo kabla ya kukatwakatwa. Angalia jinsi tukio lilivyopangwa: anayesoma vibao ni yule pekee asiye na kibao. Kama tungelijua jina lake, tungeliweka kando ya Attoh-White na kulipima, halisi au bandia, la nyumbani au la kuazima. Hatuna cha kulinganisha, kwa hiyo dhihaka yote inabaki kwenye vibao, na yeye anapita bila kuguswa.

Kuna mwingine anayesimuliwa kwa kifupi, Mghana aliyeacha jina lake la kuzaliwa na kujiita Rama Krishna. Alikimbia uozo wa nchi kwa sala, mazoezi ya mwili, na mlo wa asali na siki, akitaka asiguswe na chochote kichafu. Kifua kikuu kilimla kutoka ndani. Sidhani kama amewekwa pale kwa bahati. Anaonyesha kwamba mwandishi hafundishi kuwa jina jipya, au jina safi, ni kinga. Mtu wetu hakujipa jina lolote. Hajitangazi kuwa safi.

Wengine ndio wanaomtangaza, na si kwa sifa. Jioni moja yuko sokoni gari la Koomson linapofika, na mwanamke anayeuza mkate anapaza sauti kumwita waziri bwana wake, mkubwa wake, Mzungu wake. Majina ya heshima yanamiminika hewani kwa mtu aliyevaa suti, huku mwenzake wa darasani amesimama gizani hatua chache kutoka pale. Nyumbani Oyo naye anampa lake: chichidodo. Ni ndege ambaye, kwa maelezo yake, anachukia kinyesi kwa moyo wote, lakini chakula chake ni funza, na funza hunona kwenye kinyesi. Hilo ndilo jina kali kuliko yote kitabuni, maana lina ukweli ndani yake. Mtu huyu anachukia rushwa, ila mkewe na watoto wake wangependa vitu vinavyoletwa na rushwa, na hana cha kuwajibu. Matusi ya kondakta tuliyakataa bila kufikiri. Hili tunalishika mkononi na hatujui tuliweke wapi. Hapo ndipo nafasi ya jina inapofanya kazi yake kubwa: kama angekuwa na jina, chichidodo lingekuwa utani wa mke, kwa kuwa hana, linataka kuwa jina lake hasa.

Sasa tazama hadithi yenyewe inahusu nini. Mfanyabiashara wa mbao aitwaye Amankwa anaingia ofisini usiku. Magogo yake yanaoza msituni, anataka mabehewa, na anamtafuta karani wa kupanga mizigo. Anajitambulisha kwa jina, anatoa pesa, na mtu wetu anakataa bila kuweza hata kueleza kwa nini. Amankwa anaondoka akiwa ameudhika kama aliyetukanwa. Siku chache baadaye tunaelewa kwamba amempata anayepokea. Hilo ni jaribio dogo, la kutuandaa kwa kubwa, ambalo ni biashara ya boti ya uvuvi.

Koomson anataka boti, lakini katika serikali inayojiita ya kijamaa haifai waziri aonekane anamiliki mali ya namna hiyo. Anahitaji jina la mtu mwingine. Kwa hiyo anakuja kwa familia hii maskini, anaketi, anakula, anaahidi, na Oyo na mama yake wanaanza kuota utajiri. Karatasi zinapofika, mtu wetu anakataa kutia saini. Oyo anatia.

Soma tena aya hiyo, kwa sababu kwangu ndiyo mhimili wa kitabu kizima. Fitina kuu ya riwaya ni kuazimwa jina. Waziri ana cheo, ana gari, ana suti, kitu pekee anachokosa ni jina safi la kuandika kwenye hati ya boti, na anayelinyima ni mhusika ambaye jina lake hata sisi hatulijui. Kama Armah angetuambia tangu mwanzo kwamba anaitwa, tuseme, Kwame Mensah, tukio la saini lingekuwa kukataa kwa kawaida kwa mtu mwenye msimamo. Kwa kuwa limefichwa, tunaona kitu ambacho mtu huyu amekilinda. Hajatupa sisi, atampaje Koomson? Na malipo ya waliotia saini ni mafungu machache ya samaki, kisha hata hayo yanakoma.

Tarehe 24 Februari 1966 jeshi linampindua Nkrumah, na hesabu ya majina inageuka. Viongozi wa juzi wanasakwa. Koomson, ambaye jina na cheo chake vilifungua kila mlango, anakimbilia kwenye chumba cha mtu asiye na jina, kwa kuwa hapo hakuna atakayemtafuta. Anatoa jasho, anatoa harufu, na askari wanapokaribia hakuna njia ya kutokea ila choo. Ni choo cha ndoo, chenye tundu nyuma la kutolea ndoo, na waziri anasukumwa kupitia tundu hilo, kichwa kwanza. Mtu wetu anamfuata kwa njia hiyohiyo. Wanafika pwani, wanahonga, wanapanda ile ile boti iliyoleta ugomvi, na mtu wetu anaruka majini na kuogelea kurudi nchi kavu. Kabla ya kutoroka, Oyo anamwambia mumewe kwamba anafurahi hakuwa kama Koomson. Mke aliyemwita chichidodo ameliondoa neno lake, na hakuweka jingine mahali pake.

Chinua Achebe hakuipenda riwaya hii. Katika insha yake kuhusu Afrika na waandishi wake, ya miaka ya mwanzo ya 1970, alilalamika kwamba mhusika amepauka, hafanyi lolote, hana jina, na ameundwa kwa mtindo wa falsafa ya Ulaya inayomwona binadamu kama mgeni duniani; kwake Ghana halisi ilipotea humo. Lawama ya kutofanya lolote ina uzito, na kuna kurasa ambazo mtu huyu anaburuta miguu hadi msomaji anataka kumtikisa. Kuhusu jina nadhani Achebe alikosea upande. Kitabu kina sedi, ambayo ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kutumika mwaka 1965. Kina reli, bandari, chuo cha itikadi cha Winneba kilichomgeuza Koomson kutoka mfanyakazi wa bandarini kuwa mkubwa wa chama. Ghana imetajwa kwa jina na kwa harufu. Aliyeachwa bila jina ni mmoja, na ameachwa ili tuone bei ya kila jina lililomzunguka.

Mahali mbinu hii inapoteleza kweli ni sura ya sita. Armah anaacha nafsi ya tatu na kuingia "mimi" kwa kurasa nyingi, akikumbuka miaka ya baada ya vita, Kofi Billy aliyekatwa mguu na waya bandarini na baadaye akajinyonga, Maanan aliyemwamini kiongozi mpya kisha akavunjika. Swali linalomsumbua msomaji ni rahisi: nani anakumbuka? Ni Mwalimu, au ni mtu? Wote wawili hawana jina, kwa hiyo hakuna wa kumwita yeyote na kutuokoa. Wapo wanaosema ni sauti ya Mwalimu tupu, wapo wanaosema zinaingiliana, nami nimesoma sura hiyo nikiwa na penseli, nikiweka alama kila dalili, na bado kuna aya ninazoziacha na alama ya kuuliza. Sehemu yake ni makusudi: kumbukumbu za kizazi kilichodanganywa zinaweza kuwa za mtu yeyote kati yao. Sehemu nyingine, nionavyo, ni gharama tu. Mwandishi aliyekwisha tumia ukosefu wa jina kumtenga mtu mmoja na wote hawezi sura moja baadaye kuutumia kumchanganya na mwingine, kisha akategemea msomaji asipotee. Anayesoma kwa mara ya kwanza akikwama hapo asijilaumu. Aendelee hadi sura ya saba, mtu atakapomrudia katika nafsi ya tatu, kisha arudi nyuma.